Kumwalika shehe Bengamisa: gharama iko wapi, na barua iseme nini

Familia inayopanga kumsomea mzee wao hitima Bengamisa kwa kawaida huanza na jina la shehe. Mtoto mmoja anamtaka mwanachuoni wa Kindu aliyesoma na marehemu. Mwingine amesikiliza mawaidha ya shehe wa Dar es Salaam kwenye simu, na anaona heshima ya baba inastahili kufika huko. Mama anasema maalimu wa Kisangani aliyemzika mumewe anatosha. Majina yote matatu ni mazuri, lakini mfukoni yanatofautiana mno, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo haionekani kwenye bei ya tiketi. Imejificha katika usiku za kungoja, katika kilomita 50 za mwisho kutoka Kisangani, na katika mambo ambayo barua ya mwaliko iliyanyamazia.

Kabla ya bei, kuna swali moja ambalo halina gharama na linaokoa nyingi: je, shehe huyo anakubali hitima? Wapo wanachuoni wanaoisoma kila wiki, na wapo wanaoona kuwa kukusanyika siku ya arubaini au ya mwaka hakuna asili katika dini. Si kazi ya familia kuwaamulia. Kazi yao ni kuuliza kwa simu kabla ya kuandika chochote, wakisema wazi kwamba watasoma juzuu, wataleta dua kwa ajili ya marehemu, kisha watu watakula. Mgeni akigundua hayo akiwa ameshafika kijijini, atahudhuria kwa kinyongo au atawarudi wenyeji mbele ya jamaa zao, na nauli imekwisha kulipwa.

Sasa tarehe, maana ndiyo inayoamua bei ya mambo mengine yote. Bengamisa iko katika territoire ya Banalia, kaskazini mwa Kisangani, kwenye barabara ya Buta, ile RN4. Ukitoka mjini unavuka mto Tshopo, kisha Lindi, halafu msitu unakupokea. Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo hakuna mwezi ambao mvua hukatika kabisa, lakini Desemba mwishoni hadi Februari ndiyo miezi yenye nafuu, na Septemba hadi Novemba ndiyo inayozamisha malori. Njia ikiwa kavu, mtu aliyeondoka Kisangani baada ya sala ya Ijumaa anafika Bengamisa kabla ya Magharibi. Mvua ikiwa imepiga usiku mbili mfululizo, hakuna dereva mkweli atakayekuahidi saa ya kufika. Habari ya njia usiiulize kwa mtu aliye ofisini. Nenda pikipiki zinapoegesha na utazame zilizoingia asubuhi hiyo. Tope likiishia kwenye rimu, gari litapita. Likiwa limepanda hadi kwenye kiti, na mizigo imefungwa kwa nailoni, jua kwamba kuna mahali waliibeba pikipiki.

Tatizo ni kwamba miezi hiyo mizuri kwa sasa inakutana na Ramadhani. Mwezi wa Kiislamu hurudi nyuma kiasi cha siku 10 au 11 kila mwaka, na Ramadhani ya mwaka 2027 inatazamiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Ndani ya Ramadhani shehe mwenye msikiti wake haondoki, na mchana huwezi kumkirimu mtu. Kwa hiyo familia inayotaka njia kavu na shehe mwenye nafasi inabaki na dirisha dogo la Januari. Tuchukue Jumamosi tarehe 16 Januari 2027, ambayo itaangukia kama 7 au 8 Shaaban 1448. Ina faida moja zaidi: tarehe 16 ni sikukuu ya kumkumbuka Laurent-Désiré Kabila, na 17 ni ya Patrice Lumumba, kwa hiyo watoto wanaofanya kazi Kisangani watakuwa huru. Ubaya wake ni ule ule, kwamba ofisi zitafungwa. Karatasi yoyote inayohitaji muhuri iwe imekwisha kupigwa kabla ya Ijumaa jioni.

Hapo ndipo tunaweza kulinganisha. Tarakimu nitakazotumia ni za mfano, za kuonyesha jinsi hesabu inavyokaa. Ukipanga yako, zifute uweke bei ulizopewa wiki hiyo. Isipokuwa ada ya uwanja wa ndege, Go-Pass, ambayo imewekwa na serikali: dola 10 kwa safari ya ndani ya nchi na dola 50 kwa safari ya nje. Unapokata tiketi, uliza kama imo ndani yake au mgeni ataombwa pesa mkononi uwanjani.

Shehe wa Kisangani, akija na mwenzake mmoja kwa pikipiki mbili, safari nne kwa dola 15, ni dola 60. Malazi na chakula cha usiku mmoja, tuseme 20. Hiba ya kumshukuru, 50. Jumla dola 130. Ukimkodia gari litakalolala Bengamisa na kurudi Jumapili, ile 60 inaweza kuwa 180, na jumla ikafika 250. Hapa ndipo familia nyingi huona aibu na kukimbilia gari. Mimi nasema muulizeni mwenyewe. Mzee wa miaka 70 mwenye mgongo mbovu hapaswi kupandishwa pikipiki kilomita 50, na dola 120 za ziada ni haki yake. Lakini maalimu wa miaka 40 anayezunguka kwa pikipiki kila siku atapita kwenye tope ambapo gari litakwama, na atafika kabla ya gari. Kwa njia hii, raha na uhakika wa kufika ni vitu viwili tofauti.

Shehe wa Kindu ni habari nyingine, na moyo unaomtaka unaeleweka. Maniema ndiyo chimbuko la elimu ya Kiislamu kwa watu wengi wa Tshopo. Kasongo ilikuwa makao ya Tippu Tip kabla ya mfalme Leopold kumfanya gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, na koo za Waislamu wa Kisangani bado zinahesabu jamaa zao kufuata mto kwenda juu. Kwenye ramani, Kindu inaonekana jirani. Kwa mguu wa msafiri, si jirani. Mto unapitika kutoka Kindu hadi Ubundu, kiasi cha kilomita 300, kisha maporomoko ya Boyoma yanaufunga, ndiyo maana Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 kati ya Ubundu na Kisangani, iliyokamilika mwaka 1906. Leo huwezi kumwandikia mtu barua ukamwahidi siku ya treni hiyo. Boti nayo huondoka ikijaa. Anayekuja kwa mto na barabara anaweza kutumia wiki nzima kwenda na nyingine kurudi, na kila siku anakula na kulala kwa gharama yenu. Nauli ya boti ni ndogo, lakini siku zake ni ghali.

Kwa hiyo Kindu ni ndege. Tuseme tiketi ya kwenda na kurudi ni dola 400, Go-Pass mara mbili 20, usiku mbili Kisangani kwa 40 kila mmoja, gari la Bengamisa 180, usiku wa Bengamisa 20, hiba 100. Imekuwa dola 800, na hapo wengi huweka kalamu chini. Bado hawajaandika kitu kinachovunja bajeti kuliko vyote: ndege isiyoondoka. Safari za miji ya ndani haziko kila siku, na ikifutwa ya Jumatatu, inayofuata inaweza kuwa ya Alhamisi. Wekeni usiku tatu za akiba Kisangani, dola 120. Jumla halisi ni 920. Familia iliyokusanya 800 tu itakuwa inamkopea mgeni chakula siku ya pili, na yeye ataliona hilo usoni mwa mwenyeji wake kabla hawajasema neno.

Shehe wa Dar es Salaam ana mzunguko ambao wengi hawaufikirii hadi wanapokwenda kwa wakala wa tiketi. Zamani mtu angetazama Goma kama mlango wa mashariki, lakini uwanja wa Goma ulifungwa Januari 2025 vita vilipoingia mjini, na hesabu ya kawaida ikabaki kupitia Kinshasa. Yaani mgeni anaivuka nchi yote hadi magharibi, kisha anarudi mashariki kiasi cha kilomita 1,200 hadi Bangboka, uwanja wa Kisangani. Hiyo ni usiku mbili za Kinshasa, na kila kiungo cha safari ni mahali pa kuchelewa. Kwa bei za mfano, tiketi zote 1,200, Go-Pass ya ndani mara mbili na ya nje mara moja 70, karatasi 100, usiku za Kinshasa 140, za Kisangani 80, gari 180, Bengamisa 20, hiba 150, akiba ya kuchelewa 300. Jumla dola 2,240. Ni mara 17 ya maalimu wa Kisangani aliyekuja kwa pikipiki, kwa mawaidha ya saa moja na dua.

Karatasi zake pia zina tarehe zake. Chanjo ya homa ya manjano ni lazima kuingia Kongo, na cheti chake huanza kufanya kazi siku ya 10 baada ya sindano; aliyechanjwa wiki ya safari atazuiwa uwanjani, na akirudi Tanzania ataulizwa tena. Aliyechanjwa miaka mingi nyuma hana haja ya kurudia, kwa kuwa tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha, ila akitafute kile cha karatasi, si picha kwenye simu. Masharti ya viza yamekuwa yakibadilika tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, basi mgeni aulize ubalozini, na wenyeji waulize DGM kama barua yao ya kumpokea inahitaji muhuri. Barua hiyo itaje jina la mgeni kama lilivyo kwenye pasipoti. "Shehe" na majina ya heshima yabaki kwenye salamu.

Ipo njia ya nne, na ndiyo ninayoipendekeza kwa familia iliyokwisha kuamua kuwa lazima mgeni wa mbali aje: msimwalike peke yenu. Misikiti ya Kisangani nayo huwa na haja ya kusikia mwanachuoni mgeni. Tuseme familia ya Bengamisa imekubaliana na misikiti mitatu ya mjini kumleta shehe wa Kindu. Tiketi, Go-Pass, usiku za Kisangani na akiba, jumla dola 620, zinagawanywa kwa nne, kila upande 155. Familia inaongeza gari, usiku wa Bengamisa na hiba yake, dola 300. Imelipa 455 badala ya 920, na mgeni amefundisha mjini siku tatu badala ya kukaa hotelini akingoja ndege. Kinachoharibu mpango huu ni Ijumaa. Kila msikiti unamtaka kwenye hotuba, na kamati inaweza kumzuia mjini hadi Jumamosi adhuhuri huku Bengamisa watu wameshamaliza juzuu. Andikeni mapema nani ana siku gani, na barua moja ya pamoja imfikie mgeni, si barua nne zenye tarehe nne.

Nimefika kwenye barua yenyewe. Barua nyingi nilizosoma zina ukurasa mzima wa sifa na dua, na mwishoni mstari mmoja: "Mambo ya safari tutaelewana." Mstari huo ndio unaozaa manung'uniko, kwa sababu shehe mwenye haya hataomba, na mwenyeji mwenye haya hatasema alichonacho. Salamu ziwe fupi na kamili, kisha barua iingie kwenye jambo. Mimi ningeiandika hivi:

"Tunakuomba, Shehe wetu, utuongozee hitima ya marehemu baba yetu hapa Bengamisa siku ya Jumamosi tarehe 16 Januari 2027, ambayo kwa hesabu yetu ni 7 au 8 Shaaban 1448. Tarehe ya kufuatwa ni hiyo ya Januari, hata mwezi ukiandama tofauti. Kisomo kitaanza saa tatu asubuhi, mawaidha yako yatakuwa baada ya Adhuhuri, na baada ya dua watu watakula. Tunakutarajia Kisangani Alhamisi tarehe 14, na kijana wetu atakungoja Bangboka.

"Nauli yako na ya mwenzako mmoja, kutoka mlangoni kwako hadi kurudi mlangoni kwako, iko juu yetu. Pesa za kurudi utakabidhiwa mkononi ukifika Kisangani, kabla ya kuja Bengamisa. Ndege ikifutwa, chumba na chakula ni juu yetu hadi usiku tatu, na zikizidi tutazungumza nawe kama watoto na baba yao. Mvua ikifunga njia, hitima itasomwa Kisangani nyumbani kwa dada yetu siku hiyo hiyo. Tunaomba utujibu kabla ya tarehe 5 Desemba ili tiketi ikatwe mapema, na utuambie chakula usichokila na dawa unazotumia."

Angalia kilichomo humo. "Mwenzako mmoja" ni neno linalolinda pande zote mbili, maana shehe mkubwa hasafiri peke yake, na barua isiyotaja idadi inaweza kuleta watu wanne kwa tiketi ya mmoja. Kwenye hesabu zangu za ndege niliweka mtu mmoja tu. Mwenzake akija naye, tiketi na Go-Pass ziongezwe mara mbili, na ndipo utaona kwa nini jambo hili halisubiri hadi uwanjani. Kukabidhi pesa za kurudi mapema kunamwondolea mgeni mashaka ambayo hawezi kuyasema. Na kutaja nyumba ya Kisangani kama mahali pa akiba kunaokoa hitima yote pale daraja au tope linapokataa, maana mgeni yuko, wasomaji wako, na tarehe haijavunjwa.

Hiba sikuiweka kwenye barua, na kuna sababu. Wanachuoni wengi wanakataza kumlipa mtu kwa kisomo chenyewe, yaani bei ya Kurani iliyosomwa kwa maiti. Nauli, chakula na malazi ni haki ya mgeni. Hiba ni shukrani, hutolewa kwa siri ndani ya bahasha wakati wa kuagana, na haipatanwi. Shehe anayetaja bei ya dua kabla ya kuja, familia ina ruhusa kamili ya kumshukuru na kumtafuta mwingine.

Ukarimu wa Bengamisa wenyewe si ghali, ila unataka mtu mmoja mwenye akili ausimamie, na kwa kawaida ni dada mkubwa au shangazi. Mbuzi achinjwe na Mwislamu, nyumbani, mbele ya watu, maana nyama ya msitu inayoning'inizwa kando ya barabara ya Buta mgeni hataigusa, hata mkimwambia ni safi. Samaki wa mtoni, sombe, wali na lituma vinamtosha yeyote. Mtu wa pwani labda hajawahi kuona lituma na ataikumbuka. Kwa watu 150, kilo 20 za mchele zinatosha kama kuna lituma pembeni. Chumba kiwe na chandarua kisichotoboka, ndoo mbili za maji ya udhu zilizojazwa kabla ya Alfajiri, na njia ya kwenda chooni iliyofyekwa na yenye taa. Haya matatu mgeni huyakumbuka kuliko sofa. Jenereta na kipaza sauti vina bei kubwa kwa saa mbili za mawaidha. Kwenye uwanja wa nyumba, na watu 150 wakikaa karibu, sauti ya mtu inafika.

Limebaki swali la pesa zinatoka wapi, na hili nalisema bila kulipunguza, kwa sababu wanaoumia hawana sauti kwenye kikao cha familia. Mali ya marehemu hulipa maziko, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha warithi. Ikiwa kuna watoto wadogo ambao fungu lao halijatengwa, mbuzi aliyechinjwa kutoka kwenye mali hiyo amechinjwa kutoka kwenye mali ya yatima, na hakuna shehe wa Kisangani, Kindu wala Dar es Salaam atakayesema ni halali. Hitima ilipwe na watu wazima wanaojitolea kutoka mifukoni mwao. Ikiwa baba aliacha deni la duka, lile deni lilipwe kwanza. Mara nyingi ukilipa deni hilo, uamuzi kati ya 920 na 130 unakuwa rahisi, na mama aliyemtaja maalimu wa Kisangani anakuwa ndiye aliyeona mbele.

Mtu mmoja ashike daftari, si yule anayeshika pesa. Kila mchango uandikwe na jina, kila malipo na tarehe, na akiba ya kuchelewa iwekwe kando isiguswe na jikoni. Ndege ikiondoka kwa wakati, zile dola 120 zinarudi kwa waliochanga, au kwa ridhaa yao zinanunua tofali za kaburi. Hesabu isomwe Jumapili hiyo hiyo, kabla gari la kurudi Kisangani halijawashwa, wakati wote waliochanga bado wako uani.